Video ya dakika tatu, zoezi la dakika kumi na tano

Kocha wa watoto pale Zinga akifungua simu yake mchana, kabla hajaenda uwanjani, atakuta video kadhaa za mazoezi alizotumiwa na wenzake wa Kerege, Kiromo au Bunju, na nyingine zilizozunguka kutoka mbali zaidi. Akiingia kwenye faili zake kuzitafuta, zote zinaitwa kitu kama `VID-20240612-WA0007.mp4`. Hilo ni jina ambalo WhatsApp huipa video inapohifadhiwa kwenye simu: tarehe, kisha namba ya foleni ya siku hiyo. Aliyerekodi huenda aliandika kapsheni nzuri sana. Kapsheni hiyo imebaki kwenye mazungumzo ya kundi, na mtu wa tatu aliyesambaziwa huenda hajaiona.

Anaifungua. Watoto wanazunguka koni, mpira unapita, kocha asiyeonekana anapiga kelele "haraka, haraka". Baada ya dakika mbili na sekunde arobaini imekwisha. Watoto hao wana miaka mingapi? Zoezi hilo hufanywa mara ngapi? Linafundisha nini hasa? Mipira ilikuwa mingapi? Video haisemi. Kocha wetu anakisia, na watoto thelathini wanalipa gharama ya kukisia kwake kwa kusimama foleni nusu ya mazoezi.

Maoni yetu ni haya: video ya mazoezi ya watoto isitumwe bila lebo yenye mistari minne. Umri, ujuzi, vifaa, muda. Wataalamu wa kumbukumbu huita maelezo ya namna hii metadata, yaani taarifa zinazoeleza taarifa nyingine. Tunataka mistari hiyo iandikwe kwa namna ambayo kocha wa kujitolea, mwenye mipira michache na uwanja wa mchanga, anaweza kuisoma na kujua kama zoezi hilo linamfaa leo jioni.

Tuanze na muda, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapokosea bila kujua.

Video ina muda wake na zoezi lina muda wake. Aliyeandika "muda: dakika 3" ametaja urefu wa video, jambo ambalo simu yenyewe inalionyesha tayari pembeni ya picha. Aliyeandika "muda: dakika 15" huenda ametaja muda wa zoezi, lakini msomaji ataona video ya dakika tatu na kudhani kuna kosa, au kwamba ametumiwa kipande tu. Hata waliotunga msamiati wa schema.org, unaotumiwa duniani kueleza video ili injini za kutafutia zizisome, waliona tofauti hii na kuweka sehemu mbili: `duration` kwa urefu wa video yenyewe, na `timeRequired` kwa muda ambao mtu atautumia kufanya kinachofundishwa. Kocha hahitaji kuyajua majina hayo. Anachohitaji ni kuandika muda wa aina mbili badala ya mmoja: "Video: dk 2 sek 40. Zoezi: dk 15."

Hata hizo dakika 15 bado hazijasema vya kutosha. Tuchukue zoezi moja linalojulikana na kila kocha wa pwani hii, hata kama majina yake ni mengi. Watoto watano kwenye mraba. Wanne wamekaa pembeni, wanapasiana. Mmoja yuko katikati, anausaka mpira. Wengine huliita rondo, wengine wanne kwa mmoja. Tulikokotoe kama atakavyolikokotoa kocha mwenye saa mkononi.

Kila mtoto anakaa katikati sekunde 60, kisha anabadilishwa, awe ameupata mpira au hajaupata. Kwa jua la saa kumi na nusu alasiri, na unyevunyevu wa hewa ya bahari, dakika moja ya kukimbiza mpira ni kazi ya kutosha kwa mtoto wa miaka tisa. Watoto watano, zamu mbili kila mmoja, hizo ni zamu kumi, dakika kumi. Kati ya zamu na zamu kuna sekunde kama kumi za kubadilishana. Mabadiliko tisa yanakula dakika moja na nusu. Kunywa maji katikati, dakika mbili. Kueleza na kuonyesha mwanzoni, dakika moja na nusu. Jumla ni dakika 15, lakini za kucheza ni kumi tu.

Kocha anayejua hivyo anaweza kupanga jioni yake. Kama mazoezi yote ni saa moja, anajua zoezi hili linachukua robo yake. Anajua pia kwamba mwenzake aliyejaribu "dakika 15" akamaliza kwa dakika saba hakuwa na watoto wepesi kuliko wake. Alifanya zamu moja tu kwa kila mtoto. Kwa hiyo mstari wa muda kwenye lebo uandikwe hivi: "Zoezi: dk 15 (zamu 10 za sek 60, maji dk 2)." Maneno hayo machache kwenye mabano ndiyo yanayomwezesha mtu mwingine kulirudia zoezi lilelile badala ya kulifananisha.

Mfano wa lebo inayowezesha zoezi kurudiwa upo. Programu ya kupasha misuli moto iitwayo FIFA 11+ Kids ilitengenezwa kwa watoto wa miaka 7 hadi 13. Ina mazoezi saba, kila moja lina ngazi tano za ugumu, na yote huchukua dakika 15 hadi 20. Kwa kuwa umri, idadi na dakika vilitajwa wazi, watafiti waliweza kuipeleka kwa klabu za nchi nne za Ulaya na kupima. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha majeraha yamepungua kwa karibu nusu kwa watoto walioifuata. Kama ingezunguka tu kama video za watoto wanaorukaruka, kila klabu ingekuwa imefanya kitu chake, na hakuna ambaye angejua kilichosaidia ni kipi.

Sasa vifaa. Mstari huu mara nyingi huandikwa "koni, mipira, bips", na mwandishi akaona amemaliza. Kwa kocha wa Zinga mstari huo hauna msaada, kwa sababu swali lake ni mingapi, na kwa watoto wangapi. Rudi kwenye mraba wetu. Zoezi linataka mpira mmoja kwa watoto watano. Kocha mwenye watoto 30 na mipira sita anafungua miraba sita, na dakika zake 15 zinatosha. Mwenye watoto 30 na mipira mitatu anaweza kufungua miraba mitatu tu. Watoto 15 wanacheza, wengine 15 wanahitaji kazi isiyo na mpira, kisha wabadilishane. Maelezo na maji ni vya wote, lakini zile dakika kumi na moja na nusu za kucheza na kubadilishana sasa zinafanywa mara mbili. Zoezi la dakika 15 limekuwa la karibu dakika 27. Hakuna aliyezembea, mipira imepungua tu.

Hapa ndipo mistari hii minne inaposhikana. Muda uliotajwa kwenye lebo ni wa kweli kwa idadi ile tu ya mipira iliyotajwa kwenye lebo hiyohiyo. Ukiandika muda bila kuandika mpira mmoja ni wa watoto wangapi, umeandika nusu ya habari, na nusu hiyo inapotosha. Kocha mwenye mipira mitatu atalazimisha dakika 15, na watoto wa kundi la pili watarudi nyumbani wamegusa mpira mara chache.

Kuna kosa jingine kubwa zaidi, ambalo lebo ya uwiano ingelizuia kabla halijatokea. Kocha akiona video ambayo kila mtoto ana mpira wake, naye ana mipira miwili, huamua kuwapanga foleni. Watoto 15 kwenye mstari mmoja, mpira mmoja, kila mmoja anaukokota kuzunguka koni kwa sekunde ishirini na kurudi nyuma. Mzunguko mmoja unachukua dakika tano. Ndani ya dakika 15 kila mtoto amepata zamu tatu, yaani dakika moja na mpira na dakika kumi na nne za kusimama. Ukiwaona watoto wa nyuma wanasukumana, wanarushiana mchanga, usiwakemee kwa utovu wa nidhamu. Zoezi limevizidi vifaa. Lebo iliyosema "mpira 1 kwa kila mtoto" ingemwambia kocha mapema kwamba leo achague video nyingine.

Koni hazitusumbui sana, maana hazikosi mbadala. Chupa ya maji iliyojazwa mchanga, kifuu cha nazi, ndala, tofali. Tunaloomba ni kwamba lebo itaje idadi ya alama, si koni zenyewe: "alama 4 kwa kila mraba". Na aliyewahi kupanga miraba mingi atuongezee neno moja la busara: miraba sita iliyopangwa safu mbili za mitatu, ikigawana pembe, inahitaji alama 12 tu, si 24. Kwa upande wa bips, mtoto mmoja wa katikati akivua shati au akishika kitambaa mkononi inatosha.

Lakini kuna kifaa kimoja ambacho karibu hakuna lebo inayokitaja, nacho ni ardhi. Video nyingi zinazosambaa zimepigwa kwenye nyasi bandia. Mpira unaosukumwa kwa ndani ya mguu kwenye nyasi kama zile za JMK Park pale Kidongo Chekundu unateleza mita nane bila shida. Kwa nguvu hiyohiyo, kwenye mchanga laini wa uwanja wa pwani mpira unafia njiani. Mtoto anaanza kupiga kwa ncha ya kidole ili ufike, na tayari umefundisha kinyume cha ulichokusudia. Kwa hiyo andika ardhi: "nyasi bandia", "udongo mgumu", "mchanga". Na andika ukubwa wa eneo kwa hatua, kwa sababu wengi wetu hatuna futi ya kupimia. Mraba wa mita nane ni kama hatua kumi za kawaida za mtu mzima. Kwenye mchanga anza na hatua saba au nane.

Ukubwa sahihi unajionyesha wenyewe. Mtoto wa katikati akiupata mpira kila baada ya pasi mbili, mraba umebana; uongeze hatua mbili. Pasi zikipita kumi na zaidi bila mpira kukatwa, na wa katikati ameshika kiuno, umetanuka mno. Sentensi hizo mbili zikiwekwa mwisho wa lebo zina thamani kuliko dakika nzima ya video.

Tuje kwenye umri. Wengi huandika "U-10" na kuona wameeleweka. Katika mashindano, alama hiyo ina maana ya tarehe ya kuzaliwa, na maana hiyo si ile ambayo mzazi huifikiria. Mashindano ya Afrika ya vijana chini ya miaka 17 yaliyochezwa Dar es Salaam Aprili 2019 yaliruhusu waliozaliwa tangu tarehe 1 Januari 2002. Kijana aliyezaliwa Januari au Februari mwaka huo alikuwa ameshatimiza miaka 17, na alikuwa halali kabisa kucheza "chini ya miaka 17". Hiyo ni kanuni ya usajili, na kwa usajili inafaa. Kwa zoezi la uwanjani inachanganya.

Darasa nalo halisaidii. Darasa la nne la shule moja linaweza kuwa na mtoto wa miaka tisa na mwingine wa kumi na miwili, mmoja akimfika mwenzake begani. Mwaka wa kuzaliwa unaeleweka leo, lakini video inadumu kuliko umri wa waliomo: "waliozaliwa 2015" itakuwa na maana nyingine kabisa mtu akiifungua baada ya miaka minne. Andika miaka kamili, kutoka na hadi: "miaka 9–10". FIFA yenyewe katika mwongozo wake wa soka la watoto imegawa hivyo: 6 hadi 8, 9 hadi 10, 11 hadi 12. Kwa video za nyumbani hatuoni sababu ya kubuni mgawanyo mwingine.

Umri ukishaandikwa, unaamua mambo mawili mara moja. La kwanza ni mpira. Kanuni za soka zinautaka mpira wa watu wazima, namba 5, uwe na mzingo wa sentimita 68 hadi 70 na uzito wa gramu 410 hadi 450. Namba 4, unaowafaa watoto wa miaka tisa na kumi, una gramu 350 hadi 390. Tofauti hiyo mtoto anaihisi kwenye kifundo cha mguu, tena zaidi mpira ukiwa umelowa. Kwenye uwanja wa kijiji mpira uliopo mara nyingi ni namba 5, na hatusemi zoezi lisifanywe. Tunasema lebo itaje namba ya mpira uliotumika kwenye video, ili kocha mwenye namba 5 apunguze umbali wa pasi badala ya kushangaa kwa nini watoto wake hawafikishi.

La pili ni zito zaidi: kupiga kichwa. Mwaka 2020 vyama vya soka vya Uingereza, Skotilandi na Ireland ya Kaskazini vilitoa mwongozo kwamba watoto wa shule ya msingi wasifundishwe kupiga kichwa mazoezini kabisa. Ulitanguliwa na utafiti wa Chuo Kikuu cha Glasgow wa 2019, ulioonyesha kuwa wachezaji wa kulipwa wa zamani walikufa kwa maradhi ya ubongo kama kupoteza kumbukumbu mara tatu na nusu zaidi ya watu wengine. Utafiti haukuthibitisha kwamba vichwa ndivyo vilivyosababisha, na vyama vilisema vinachukua tahadhari. Marekani ilikuwa imeshapiga marufuku vichwa kwa wenye miaka kumi na chini. Sasa fikiria video ya vichwa iliyopigwa kwa vijana wa miaka 16, isiyo na umri, ikafika kwenye simu ya kocha mwenye watoto wa miaka minane. Kwenye kioo kidogo cha simu, kijana mwembamba wa 16 na mtoto mrefu wa 12 hawatofautiani. Kwa video za namna hiyo mstari wa umri unamlinda mtoto, na anayeusambaza ujumbe bila huo mstari anabeba sehemu ya dhamana.

Mstari wa ujuzi ni mfupi kuandika, na bado huharibiwa. "Mazoezi ya soka la vijana" si ujuzi. "Rondo" nayo si ujuzi, ni jina la mchezo. Mraba wetu ule ule wa watoto watano unaweza kufundisha kupiga pasi kwa ndani ya mguu, unaweza kufundisha kusogea ili mwenye mpira akuone, na unaweza kufundisha kukaba. Tofauti iko kwenye jicho la kocha. Akitazama wa pembeni, anafundisha pasi na nafasi. Akitazama wa katikati, jinsi anavyokaribia kwa pembe na kufunga njia moja, anafundisha kukaba. Video ni hiyohiyo, masomo ni mawili. Kwa hiyo mstari useme kitendo cha mtoto na mahali pa kutazama: "Kupasi kwa ndani ya mguu na kusogea baada ya pasi. Mtazame aliyetoka kupasi."

Chagueni pia neno moja kwa kitendo kimoja. Kundi moja likiandika "kutuliza mpira", jingine "kupokea" na la tatu "kukontroli", anayetafuta kwenye simu yake atapata theluthi moja ya video alizonazo.

Hii hapa lebo nzima ya zoezi letu, inayoingia kwenye kapsheni bila kumchosha mtu:

```
WANNE KWA MMOJA
Umri: miaka 9-10
Ujuzi: kupasi kwa ndani ya mguu, kusogea baada ya pasi.
       Mtazame aliyetoka kupasi.
Vifaa: mpira namba 4, 1 kwa watoto 5; alama 4;
       udongo mgumu, hatua 10 kwa 10 (mchanga: 7 au 8)
Muda: zoezi dk 15 (zamu 10 za sek 60, maji dk 2); video dk 2 sek 40
```

Iwekwe wapi? Kwa kuwa kapsheni huweza kupotea, isikae kwenye kapsheni peke yake. Njia inayodumu kuliko zote ni ya kizamani: andika mistari hii kwa kalamu nene kwenye karatasi au ubao, na anza kurekodi kwa kuushika mbele ya kamera sekunde tano. Video ikisambazwa mara mia, ikapunguzwa ubora, ikabadilishwa jina, karatasi imo ndani yake. Mtu anasimamisha picha, anasoma. Kisha, mwenye muda aipe faili jina la maana kabla ya kutuma, kwa mfano `miaka9-10_pasi_mpira1kwa5_dk15.mp4`, na aitume kama hati badala ya video ya kawaida, ili jina lisafiri nayo. Mwenye kuziweka video mtandaoni kwa ajili ya wote, atumie `typicalAgeRange` kwa umri na `teaches` kwa ujuzi, na zile mbili za muda tulizozitaja juu. Kwa vifaa, aina ya `VideoObject` haina sehemu yake maalumu. Viandikwe kwenye maelezo, vikiwa na idadi yake.

Na kuna yasiyopaswa kuwemo. Jina la mtoto, jina la shule yake, na siku na saa ambazo watoto hukutana uwanjani visiandikwe. Simu nyingi huficha pia mahali video ilipopigwa ndani ya faili, kwa nambari za ramani, bila mpigaji kujua. Ingia kwenye mipangilio ya kamera, zima kuhifadhi mahali, ndipo urekodi. Tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inatumika nchini, na picha ya mtoto ni taarifa yake. Mzazi aombwe ridhaa kabla, na aelezwe kwamba video itasafiri nje ya Zinga.

Tunakiomba Chama cha Soka Mkoa wa Pwani, COREFA, kipitishe lebo hii ya mistari minne kwa makocha wa watoto wa mkoa, na kwenye kozi za awali za ukocha kila mshiriki arekodi zoezi moja na kuliandikia lebo. Haitaki bajeti. Inataka karatasi, kalamu na saa.

Kupima kama lebo imekamilika ni rahisi. Mpe mwenzako ambaye hajaiona video. Asiangalie picha, asome maandishi tu, kisha aende uwanjani akupangie zoezi: alama ziwekwe, watoto wagawanywe, saa ianze. Swali la kwanza atakalogeuka kukuuliza ndilo mstari uliousahau. Uongeze, halafu tuma.